Salah wa tano, Salah wa kwanza: namna ya kuwapanga wapigaji wa mikwaju ya penalti

Tarehe 6 Februari 2022, kwenye uwanja wa Olembe jijini Yaoundé, fainali ya AFCON kati ya Senegal na Misri ilimaliza dakika 120 bila bao. Ikaja mikwaju ya penalti, na Senegal ndio walioanza. Koulibaly alifunga, Zizo akajibu. Abdou Diallo alifunga, Mohamed Abdelmonem akagonga nguzo. Bouna Sarr alipanguliwa na kipa Gabaski, Marwan Hamdi akafunga, ikawa 2-2. Bamba Dieng alifunga, kisha Édouard Mendy akaupangua mpira wa Mohanad Lasheen. Sadio Mané akaenda, akafunga, Senegal wakatwaa kombe lao la kwanza kwa 4-2. Mohamed Salah alikuwa amepangwa wa tano. Hakupata hata nafasi ya kuusogelea mpira.

Lawama zilianza kabla medali hazijavalishwa. Iweje mpigaji bora wa timu awekwe mwisho, mpaka mechi iishe akiwa amesimama katikati ya uwanja? Miaka kumi nyuma Ureno walilaumiwa kwa jambo hilohilo. Kwenye nusu fainali ya Euro 2012 mjini Donetsk walitolewa na Hispania 4-2, na Cristiano Ronaldo, aliyepangwa wa tano, hakupiga. Tangu hapo imekuwa kama sheria ya vijiweni: mpigaji bora aanze, au awe wa tatu, lakini wa tano hapana.

Nataka tuihesabu lawama hiyo kabla ya kuikubali, kwa sababu ukiihesabu unagundua kwamba inagusa mahali pasipo na tatizo na kuliacha tatizo lenyewe.

Chukua matokeo ya Misri usiku ule. Zizo na Hamdi walifunga, Abdelmonem na Lasheen walikosa. Tuseme Salah angepewa zamu ya nne na angefunga, na Lasheen akasogezwa ya tano na akakosa kama alivyokosa. Misri wangekuwa na mabao matatu. Senegal walikuwa na manne. Mweke Salah wa kwanza, wa pili au wa tatu, jibu ni lilelile: matatu kwa manne. Fanya hivyo kwa Ureno. Pepe na Nani walifunga, Moutinho na Bruno Alves walikosa. Mwongezee Ronaldo bao moja popote upendapo, Ureno wanafikisha matatu. Hispania walifunga manne.

Hii ndiyo siri ya kwanza ya mikwaju mitano. Mshindi hupatikana kwa jumla ya mabao, na mwamuzi anapomaliza mapema anaokoa muda tu, kwa kuwa jumla haiwezi tena kugeuka. Kama kila mchezaji ana uwezekano wake wa kufunga, na uwezekano huo haubadiliki kwa zamu anayopiga, basi unaweza kuwapanga watano wako kwa alfabeti na nafasi yako ya kushinda haitapungua hata kidogo. Zamu ina maana kwa sababu moja tu: mchezaji yuleyule si mtu yuleyule anapopiga akijua kwamba akikosa wamekwisha.

Kwa hiyo maswali ni mawili, na yanafuatana. Nani waingie kwenye watano? Halafu, kati ya hao, nani anapungua zaidi presha inapopanda, na presha hiyo iko kwenye zamu ipi?

Rekodi ndogo hudanganya

Swali la kwanza linaonekana rahisi: fungua rekodi, wachukue wenye asilimia kubwa. Shida ni kwamba wachezaji wengi wamepiga penalti chache mno. Kila timu ina mpigaji mmoja au wawili wa kudumu, na wengine wote wana penalti tatu, tano, au hawajawahi kabisa. Mtu aliyefunga tano kati ya tano ana asilimia 100. Aliyefunga moja kati ya tatu ana 33. Je, kweli wanatofautiana kiasi hicho? Hapana. Kwa wachezaji wa kulipwa, penalti kwa ujumla huingia karibu mara tatu katika kila nne, na umbali wa kweli kati ya mpigaji mzuri na wa kawaida ni mdogo kuliko rekodi fupi zinavyoonyesha. Mpigaji wa kawaida kabisa, wa 75 katika 100, atafunga tano mfululizo karibu mara moja katika kila majaribio manne. Hakuna cha ajabu hapo.

Dawa yake ni ya zamani katika takwimu na haihitaji kompyuta. Mkopeshe kila mchezaji penalti 40 za kufikirika, 30 zikiwa zimeingia, yaani kiwango cha wastani. Kisha jumlisha na rekodi yake halisi. Yule wa tano kati ya tano anakuwa na 35 kati ya 45, sawa na 78 katika 100. Yule wa moja kati ya tatu anakuwa na 31 kati ya 43, yaani 72. Na mpigaji wa kudumu aliyefunga 44 kati ya 50, ambaye kwa asilimia tupu yuko nyuma ya yule wa 100, anapata 74 kati ya 90, yaani 82, na kuwapita wote. Amepiga mara nyingi, kwa hiyo rekodi yake inasikika zaidi. Namba 40 si amri. Ukiamini wachezaji wanatofautiana sana, kopesha chache. Ukiamini wanafanana, kopesha nyingi. La muhimu ni kwamba mwenye rekodi fupi arudishwe karibu na wastani, si kupandishwa mbinguni wala kutupwa.

Na uzito wa uchaguzi huu ni kiasi gani? Nilipohesabu kwa timu mbili ambazo kila mpigaji ana 75 katika 100, kumtoa mpigaji wa 70 na kumweka wa 80 kunaongeza nafasi ya timu kushinda kwa mechi zisizofika 3 katika kila 100. Kocha anayekuambia ana orodha itakayomhakikishia ushindi hajafanya hesabu hiyo. Lakini ukiwaboresha watano wote kwa kiasi kilekile, faida zinajumlishana, na hapo tofauti inaonekana. Ndiyo maana kazi ya uchaguzi inapaswa kufanywa juu ya mchezaji wa nne na wa tano kwenye orodha, pale ambapo majina yanafanana na benchi hupenda kubahatisha, badala ya kubishana kuhusu Salah, ambaye kila mtu anajua atakuwemo.

Tatizo jingine ni aina ya rekodi. Penalti ya dakika ya 30, timu ikiongoza bao mbili, haiwi sawa na ya kutoka katikati ya uwanja peke yako, hatua hamsini hivi, wenzako wakiwa nyuma wameshikana mabega. Ya mazoezini ni mbali zaidi. Kabla ya Kombe la Dunia la 2022, kocha wa Hispania Luis Enrique alisema amewaagiza wachezaji wake wapige angalau penalti 1,000 kwenye klabu zao kabla ya mashindano. Tarehe 6 Desemba 2022 walikutana na Morocco katika hatua ya 16 bora. Sarabia aligonga nguzo, Soler na Busquets wakapanguliwa na Bono, Hispania wakatoka bila kufunga hata moja. Mazoezi yana thamani yake: yanakuonyesha ufundi, kama mchezaji anaweza kuupeleka mpira pembeni kwa nguvu akiwa amechoka, na kama ana pembe ya pili anayoiamini kipa akiisoma ya kwanza. Yasichoweza kukuonyesha ni upungufu. Mtu anayefunga tisa kati ya kumi mazoezini anaweza kushuka hadi sita siku ya fainali, na mwenzake wa nane asishuke kabisa.

Presha iko kwenye zamu ipi

Mtafiti wa Norway, Geir Jordet, alizichambua na wenzake penalti za mikwaju ya Kombe la Dunia, Euro na Copa América. Matokeo yake yanayotajwa zaidi ni haya: pale ambapo kufunga kunaipa timu ushindi papo hapo, wapigaji walifunga zaidi ya 90 katika 100. Pale ambapo kukosa kunaitoa timu papo hapo, walifunga karibu 60 tu. Kipa ni yuleyule, umbali ni uleule, na pengo ni la mapigo 30 katika 100.

Lazima niweke tahadhari. Mapigo ya namna hiyo si mengi, na mengi huangukia kwa wapigaji wa mwisho, ambao pengine hawakuwa wazuri tangu mwanzo. Sehemu ya pengo hilo huenda ikawa ni ubora wao na si hofu. Hata hivyo, hata tukilipunguza nusu, bado ni kubwa kuliko tofauti yoyote utakayoipata kwenye rekodi za wachezaji wako. Kwa hiyo jambo la kujua ni hili: mapigo ya "ukikosa tumetoka" yanaangukia zamu zipi?

Hapa inategemea sana kama unaanza au unafuata. Turudi kwenye timu zetu mbili za 75 katika 100. Mpigaji wa tano wa timu inayoanza atapiga mradi baada ya mizunguko minne tofauti haijazidi bao moja, na hilo hutokea karibu mara 79 katika 100. Mpigaji wa tano wa timu inayofuata lazima avuke kikwazo kingine: mpinzani wa tano asiwe ameshaimaliza mechi mbele yake. Yeye hupiga mara 56 tu katika 100. Salah mwaka 2022 na Ronaldo mwaka 2012 wote walikuwa wa tano kwenye timu iliyofuata. Karibu nusu ya mechi za namna hiyo huisha kabla ya zamu yao, ziwe zimeisha vizuri au vibaya.

Lakini tazama nini kinampata anapofika. Katika hizo 56, mara 30 hivi akikosa timu imetoka, na mara 26 akifunga timu imeshinda. Hakuna ya tatu. Mpigaji wa tano wa timu inayofuata hapigi kamwe penalti ya kawaida. Wa nne naye hukutana na "ukikosa tumetoka" karibu mara 20 katika 100. Wa tatu, mara 3 hivi. Wa kwanza na wa pili, kamwe. Kwa timu inayoanza mambo ni mepesi kidogo: wa tano hukutana na hali hiyo mara 23 hivi, na mara nyingine 32 anapiga matokeo yakiwa sare, pigo ambalo lenyewe haliamui.

Kuhusu kama kuanza kwenyewe ni faida, utafiti wa mwaka 2010 ulidai timu inayoanza hushinda karibu 60 katika 100, lakini tafiti zilizofuata, zenye mikwaju mingi zaidi, zilikuta faida hiyo ni ndogo mno au haipo. Nahodha akishinda kura ya shilingi, achague kuanza kama wachezaji wake wanapenda hivyo. Sitabishana naye. Ila benchi lijue kwamba orodha ya timu inayoanza na orodha ya timu inayofuata si lazima zifanane.

Kutokana na hesabu hizi ninapata mpangilio ambao haufuati asilimia kutoka juu kwenda chini. Kwa timu inayofuata, zamu ya tano na ya nne ni za watu wasioshuka, hata kama mmoja wao si bingwa wa rekodi. Ya kwanza apewe mpigaji wa uhakika, kwa sababu kila bao la mwanzo linawakinga wa nyuma wasiingie kwenye mapigo ya kufa na kupona. Ya pili na ya tatu ndizo za mchezaji mwenye ufundi mzuri lakini hujui moyo wake utakuwaje: kijana, au asiyewahi kupiga mechi kubwa. Pale anaweza kukosa na bado timu ikawa na nafasi ya kurekebisha, na yeye anajua hivyo anapoelekea kwenye nukta.

England wametupa pande zote mbili za jambo hili. Kwenye fainali ya Euro 2020, iliyochezwa Wembley tarehe 11 Julai 2021, walifuata nyuma ya Italia. Kane na Maguire walifunga. Rashford na Sancho, walioingizwa dakika ya 120 kwa ajili ya penalti, walikosa wote wawili. Pickford alipompangua Jorginho, ikabaki 3-2, na zamu ya tano ikawa ya Bukayo Saka, mwenye miaka 19, ambaye hakuwa amewahi kupiga penalti kwenye mechi rasmi ya wakubwa. Akikosa, wametoka. Donnarumma akaidaka. Kocha wao, Gareth Southgate, alisema baadaye kwamba wapigaji aliwachagua yeye, kwa kuangalia walichofanya mazoezini. Kosa ninaloliona mimi haliko kwa Saka kuwemo kwenye watano. Liko kwenye zamu: mtu mwenye rekodi fupi kuliko wote alipewa pigo ambalo kwa hesabu ndilo zito kuliko yote.

Tarehe 6 Julai 2024 mjini Düsseldorf, kwenye robo fainali dhidi ya Uswisi, kocha alikuwa yuleyule. Palmer alianza, Bellingham akafuata, Saka akapewa ya tatu, Toney ya nne, Alexander-Arnold ya tano. Watano wote walifunga, 5-3. Saka alipiga akijua timu yake haina deni, maana Pickford alikuwa amempangua Akanji mwanzoni kabisa. Mechi moja haithibitishi kanuni, na England wangeweza kushinda kwa mpangilio mwingine. Ila angalia pia kwamba Palmer, Toney na Alexander-Arnold wote walitoka benchi. Kuingia kutoka benchi si laana. Kuingia dakika za mwisho, ukaugusa mpira kidogo tu, kisha uende kupiga, hilo ndilo lililowapata Rashford na Sancho, na Sarabia wa Hispania aliyeingia dakika ya 118.

Turudi kwa Lasheen

Sheria ya mchezo inasema mwamuzi hapewi orodha ya wapigaji. Kinachotakiwa ni kwamba kila aliyestahili apige mara moja kabla ya yeyote kurudia. Maana yake, Senegal walipofika 3-2 baada ya Dieng, Misri walikuwa huru kumwambia Salah aende sasa. Wengi wanasema hapo ndipo kombe lilipotea. Tulipime.

Misri wana mapigo mawili yaliyobaki, Senegal moja, la Mané. Tuchukulie Salah anafunga 85 katika 100 hali yoyote. Mpigaji mwenzake tumpe 72 kwa pigo la kawaida, 60 akiwa katika "ukikosa tumetoka", na 80 akipiga la ushindi. Mané tumpe 78 kwa pigo la kawaida na 90 akiwa na la kushinda. Wakifika sare baada ya mitano, tuhesabu nusu kwa nusu. Namba hizi ni zangu za kupimia, si rekodi zao.

Ukimwacha Salah wa tano, Misri wanashinda karibu mara 40 katika 100. Ukimtanguliza wa nne, wanashinda mara 37. Sababu ni kwamba Salah akifunga la nne na Mané akafunga lake, mwenzake ndiye anayebaki na pigo la kuitoa timu, na ndiye anayeshuka. Sasa ondoa hofu: mpe yule mwenzake 72 katika kila hali. Kumtanguliza Salah kunakuwa mara 40 na nusu, kumwacha kunabaki 40. Kuna kitu kidogo kinachoupendelea mpangilio huo, nacho ni kwamba Salah hakosi sana, kwa hiyo ni nadra Mané kupata lile pigo tamu la ushindi. Nguvu mbili zinavutana, na ipi inashinda inategemea mtu mmoja: yule asiyekuwa Salah. Kama anashuka chini ya presha, mlinde kwa kumtanguliza. Kama hashuki, haina tofauti ya kupigania.

Kwa hiyo benchi la Misri halikufanya upumbavu. Katika hatua ya 16 bora ya mashindano yaleyale, Salah alikuwa wa tano dhidi ya Ivory Coast na ndiye aliyefunga la ushindi, 5-4. Kwenye nusu fainali Cameroon walikosa mapema na hakuhitajika. Mpango ulikuwa umefanya kazi mara mbili kabla haujaonekana mbaya mara ya tatu.

Kisha ikaja tarehe 29 Machi 2022, Diamniadio, mchujo wa Kombe la Dunia, timu zilezile, tena mikwaju, tena Senegal wakaanza. Safari hii Salah aliwekwa wa kwanza. Koulibaly alikuwa ametangulia kugonga mwamba. Salah, uso ukiwa umejaa miale ya kijani ya leza kutoka majukwaani, akaupaisha juu ya goli. Zizo naye alikosa, Mostafa Mohamed akapanguliwa, na Mané akamaliza tena kwa pigo la ushindi, 3-1. Waliodai Salah aanze walipata walichodai. Mpigaji wa 85 katika 100 hukosa mara 15, na hizo 15 hazichagui siku.

Kubadilisha orodha katikati kuna gharama yake, na Ureno wa Donetsk wanatuonyesha. Bruno Alves alikuwa tayari ameanza kutembea kwenda kupiga la tatu, Nani akamfuata na kumrudisha, akapiga yeye na kufunga. Alves ikabidi asimame, asubiri, aende upya kwa zamu ya nne. Akagonga mwamba. Hakuna awezaye kusema kwamba alikosa kwa sababu hiyo, lakini mtu aliyekwisha kujiandaa akili yake, akaambiwa rudi, amepewa dakika za ziada za kufikiria jambo ambalo ni afadhali asilifikirie. Kama benchi linataka uhuru wa kubadilisha, wachezaji waambiwe kabla: wewe na fulani mna zamu ya nne na ya tano, nani anatangulia tutawaonyesha tukiona matokeo baada ya mizunguko mitatu. Hapo hakuna anayeshtuka.

Jambo la mwisho ambalo mabenchi mengi hulitengea dakika moja tu ni zamu ya sita na kuendelea. Katika hesabu yetu ya timu mbili sawa, mikwaju mitano huisha kwa sare mara 29 katika 100. Kuanzia hapo kila pigo la timu inayofuata ni la kutoka au la kushinda, kama lilivyokuwa la tano. Kwa hiyo mpigaji wa sita anabeba mzigo uleule wa wa tano, ilhali mara nyingi ni mtu aliyepatikana kwa kuulizana pale pale katikati ya uwanja nani yuko tayari. Fainali ya AFCON ya 2012 mjini Libreville ilifika zamu ya tisa. Kwa Zambia, kipa Kennedy Mweene mwenyewe alikuwa ameshafunga yake. Zamu ya nane Kolo Touré wa Ivory Coast alipanguliwa, na Rainford Kalaba akaupaisha mpira ambao ungewapa Zambia kombe. Zamu ya tisa Gervinho alikosa, na Stopila Sunzu, beki aliyekuwa akichezea TP Mazembe, akafunga la 8-7. Kombe la Afrika liliamuliwa na mshambuliaji na beki waliokuwa chini kabisa kwenye orodha.

Karatasi ya benchi basi iwe na majina kumi na moja, kipa akiwemo, na iandikwe upya kila anapofanyika mabadiliko, maana wanaoruhusiwa kupiga ni wale tu walioumaliza mchezo uwanjani. Wa sita na wa saba wachaguliwe kwa kipimo cha wa tano: hawashuki. Wanaoshuka lakini wana ufundi wako tayari kwenye ya pili na ya tatu. Na kama mpinzani amemaliza akiwa na kumi kwa sababu ya kadi nyekundu, sheria inakutaka nawe utoe mmoja ili mlingane. Jina la wa kumi na moja kwenye karatasi ndilo linalofutwa, kwa hiyo liwe limeshafikiriwa kabla mwamuzi hajaja kuuliza.